Ratiba mpya ya gari la wafanyakazi: kutangaza ratiba nzima, mabadiliko tu, au kituo kwa kituo?

Mwishoni mwa Mei nilikuwa na karatasi tatu mezani, zote zinasema jambo moja. Kuanzia Jumatatu ya Juni 8 gari letu la wafanyakazi lingepita mapema zaidi alfajiri, kituo kimoja kingefutwa, kingine kingehamia ng'ambo ya barabara, kipya kingeongezwa, na gari la mwisho la usiku lingebadilika. Bosi aliniambia nichague moja nibandike. Nimeshika kazi hii ya usafiri kiwandani Iyunga, Mbeya, kwa miaka kadhaa, na nilikuwa nimeshabandika tangazo baya mara moja, kwa hiyo safari hii nilikaa nazo siku mbili.

Naeleza hapa nilivyozilinganisha, kwa sababu wenzangu wengi wa ofisi za utumishi kuanzia Uyole hadi Mbalizi wamo kwenye hali hiyo hiyo. Ujenzi wa barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, unahamisha magari kutoka upande mmoja wa barabara kwenda mwingine kadiri kipande kinavyokamilika. Kituo ulichokizoea unakikuta kimezungushiwa utepe, na mbele yake kuna lundo la kifusi.

Gari letu ni Kosta moja. Linaanzia Uyole, linakwenda Nane Nane, Sae, Mama John, Kabwe na Mafiati, kisha linaingia getini Iyunga saa 12:40 asubuhi, dakika 20 kabla ya zamu ya asubuhi. Linachukua watu 26. Jioni na usiku linarudi njia ile ile.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ratiba kamili. Vituo vyote vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na saa yake mpya, alfajiri upande wa kushoto na usiku upande wa kulia, nembo ya kampuni juu. Ilipendeza. Ya pili ilikuwa ya zamani na sasa: kila kituo, saa iliyokuwepo, saa inayokuja, na neno moja la kumwambia mtu afanye nini. Ya tatu haikuwa karatasi hasa. Ilikuwa orodha ya ujumbe mfupi saba, mmoja kwa kila kituo, kila mtu atumiwe unaomhusu yeye tu.

Hii ndiyo ya pili, upande wa alfajiri, kama ilivyokuwa:

| Kituo | Zamani | Sasa | Ufanye nini |
|---|---|---|---|
| Uyole | 11:45 alfajiri | 11:30 alfajiri | Wahi kwa dakika 15 |
| Nane Nane | 11:55 alfajiri | 11:40 alfajiri | Wahi kwa dakika 15 |
| Sae | 12:03 asubuhi | 11:50 alfajiri | Wahi kwa dakika 13 |
| Mama John | 12:10 asubuhi | HAKUNA | Panda Kabwe, 12:05 |
| Kabwe | 12:15 asubuhi | 12:05 asubuhi | Wahi kwa dakika 10. Simama ng'ambo |
| Mafiati | 12:20 asubuhi | 12:15 asubuhi | Wahi kwa dakika 5 |
| Nzovwe | hakikuwepo | 12:25 asubuhi | Kituo kipya |
| Getini | 12:40 asubuhi | 12:40 asubuhi | Haijabadilika |

Sasa ichukue ratiba kamili uisome kwa macho ya mtu wa Mama John. Anatafuta jina la kituo chake halioni. Mtu wa ofisini anadhani hapo ndipo atakaposhtuka, lakini hashtuki. Ratiba kamili inaonyesha kilichopo. Kilichoondolewa hakina mahali pa kuandikwa. Msomaji anapita haraka, anaona Sae, anaona Kabwe, anajiambia kituo chake kiko katikati hapo, saa itakuwa katikati hapo, na anakwenda kusimama palepale kama kawaida. Hilo ndilo lililotupata kwenye tangazo lile baya la zamani. Watu walisimama kwenye kituo kilichofutwa siku mbili mfululizo, na kila mmoja alikuwa ameisoma ratiba. Mmoja wao alikuwa ameipiga picha na ipo kwenye simu yake.

Karatasi ya zamani na sasa haina udhaifu huo. Neno HAKUNA limesimama mahali ambapo mtu alitarajia saa, na safu ya mwisho inamwambia aende wapi. Kwa kituo kilichofutwa, sijaona namna nyingine inayoikaribia.

Lakini hata hiyo ina dosari, na mimi niliiona kwa sababu ya mama mmoja wa upande wa upakiaji niliyemwomba aisome kabla haijabandikwa. Yeye ni wa Mama John. Akaniambia, "Sawa mwanangu, kumbe ni dakika tano tu, kutoka 12:10 mpaka 12:05." Nikamuuliza kutoka kwake hadi Kabwe anatembea muda gani. Robo saa, akasema. Basi mama, nikamwambia, ulikuwa unatoka nyumbani 12:05 unasubiri kidogo. Sasa utoke 11:45. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ehe. Hizo si tano, ni ishirini."

Ndiyo maana mstari wa Mama John nikauandika upya kabla ya kubandika: *HAKUNA. Panda Kabwe saa 12:05. Toka nyumbani dakika 20 mapema kuliko zamani.* Mtu hakumbuki saa ya kituo. Anakumbuka saa ya kutoka kitandani. Tangazo likitoa tofauti ya saa za gari tu, hesabu ya miguu linamwachia msomaji, na wengi hawaifanyi mpaka siku yenyewe.

Angalia pia kwamba saa zote za alfajiri zimewahishwa. Gari likicheleweshwa, aliyekosa tangazo anapigwa baridi kituoni dakika kumi na tano halafu anapanda. Likisogezwa mapema, aliyekosa tangazo ameachwa. Kwa hiyo mabadiliko ya kuwahisha yanahitaji tangazo la nguvu zaidi na muda mrefu zaidi kuliko ya kuchelewesha. Kwa yetu nilitaka siku 14, si kwa ukubwa wa namba bali kwa sababu ya rosta. Zamu zetu zinazunguka kila wiki. Anayeingia usiku wiki hii hapandi gari la alfajiri kabisa, haoni linapopita wala hasikii wenzake wakiongea humo ndani. Wiki mbili zinampa kila mtu nafasi ya kukaa angalau wiki moja kwenye zamu ambayo tangazo linazungumziwa.

Sasa usiku, na hapa karatasi yangu niliyokuwa nikiipenda ilinidanganya.

Zamani zamu ya mchana ilipotoka saa 5:00 usiku palikuwa na magari mawili, yaani safari mbili za Kosta ile ile: moja saa 5:15, nyingine saa 6:15 kwa waliobaki kufunga mashine na kukabidhi. Ratiba mpya ina safari moja tu, saa 5:30. Nikaipanga kwa mtindo uleule:

| Safari | Zamani | Sasa |
|---|---|---|
| Ya kwanza usiku | 5:15 | 5:30 |
| Ya pili usiku | 6:15 | HAKUNA |

Kila kitu humo ni kweli. Fundi mmoja akaiangalia juu juu akiwa anasaini kitabu cha getini, akaniambia, "Dada, mmefanya la maana. Mmetuongezea robo saa." Alisoma mstari wa kwanza akatosheka. Kwa macho yake gari la usiku limecheleweshwa kutoka 5:15 hadi 5:30, ni habari njema, nani ataendelea kusoma? Kumbe nafasi ya mwisho ya kurudi nyumbani imewahishwa kwa dakika 45, na yeye ndiye mmoja wa wale wanaobaki.

Kosa ni langu. Nililinganisha safari ya kwanza na ya kwanza, wakati mtu wa usiku haishi kwa safari ya kwanza. Kwake swali ni moja: nikipitwa na hili, kuna lingine? Gari la mwisho linatakiwa kulinganishwa na gari la mwisho, hata kama kwenye orodha ya safari hayako mstari mmoja. Nikalitoa kwenye jedwali kabisa, nikalipa karatasi yake yenye maneno machache kwa herufi kubwa:

*GARI LA MWISHO USIKU. Zamani: saa 6:15. Kuanzia Jumatatu Juni 8: saa 5:30. Baada ya hapo hakuna gari. Ukibakizwa kazini, msimamizi wa zamu amwambie mlinzi wa getini kabla ya saa 5:00.*

Sentensi ya mwisho si pambo. Tangazo la gari la mwisho lisilosema nini kinafuata kwa aliyekosa linamwacha mtu geti la Iyunga saa 5:40 usiku, mwezi wa sita, haisi zimeshalala, akibishana na bodaboda kuhusu nauli ya kwenda Uyole. Kama kiwanda hakina jibu kwa mtu huyo, basi ratiba haijawa tayari kutangazwa. Rudi kwa bosi kwanza. Kwetu tulikubaliana kwamba jina likifika getini kabla ya saa 5:00, gari linamsubiri hadi 5:40. Dakika kumi, si zaidi.

Kuna jambo jingine la gari la mwisho linalotusumbua sisi tunaohesabu saa Kiswahili. Tulisema ratiba mpya inaanza Jumatatu. Gari la saa 6:15 usiku linaloondoka baada ya zamu ya Jumapili, ni la Jumapili au Jumatatu? Simu inasema ni Jumatatu, saa 00:15. Mfanyakazi anasema ni Jumapili usiku, maana hajalala bado. Wengine husema usiku wa Jumatatu, kwa maana ya usiku unaoamkia Jumatatu, na mtu mwingine akisikia hivyo anaelewa usiku wa siku ya pili yake. Watu watatu, safari moja, majibu matatu.

Dawa yake ni kutotaja siku peke yake. Taja safari ya mwisho ya zamani na safari ya kwanza ya mpya kwa jina na saa: *Gari la saa 6:15 la usiku wa kuamkia Jumatatu Juni 8 lipo, na ndilo la mwisho la ratiba ya zamani. Ratiba mpya inaanza na gari la saa 11:30 alfajiri ya Jumatatu hiyo, Uyole.* Ni sentensi mbili ndefu kidogo, lakini baada ya kuzibandika hakuna aliyekuja kuniuliza tena.

Na saa zenyewe uziandikeje? Niliona kiwanda kimoja jirani wamebandika 05:30, wakidhani ya tarakimu nne ni ya kisasa na haina utata. Kwa aliyesoma saa kwenye simu, hiyo ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwa anayesoma kama anavyosema mdomoni, ni saa tano na nusu, na kwa kuwa gari letu la usiku nalo ni 5:30, ungekuwa msiba mtupu: namba moja ubaoni, safari mbili tofauti, moja ya kuja na moja ya kurudi. Kila aliyewahi kukata tiketi ya basi la Dar ameona hilo, tiketi inaandika 6:00 na abiria mgeni anapanga kufika stendi adhuhuri.

Kuandika 11:30 tupu nako hakutoshi, maana 11:30 ya jioni ipo. Nilichochagua ni namba ya saa ya Kiswahili ikifuatwa na neno la wakati kila mara, hata pale inapochosha: 11:30 alfajiri, 12:05 asubuhi, 5:30 usiku. Kwa dereva peke yake nilitengeneza nakala yenye saa za simu, kwa sababu kifaa cha kufuatilia gari kinatoa taarifa kwa saa 24 na yeye ndiye anayeulizwa akichelewa. Nakala hiyo haikubandikwa popote. Ukiweka mifumo miwili kwenye ubao mmoja, watu watachukua namba ya mfumo huu na neno la mfumo ule.

Neno alfajiri lina uzito wake hapa Mbeya kuliko pwani. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya 45, na Mbeya iko karibu na 33 na nusu, kwa hiyo jua linatufikia kama dakika 45 nyuma ya saa hiyo. Mwezi wa sita na wa saba linachomoza karibu na saa 1:00 asubuhi. Maana yake ni kwamba kwenye ratiba hii mpya vituo vyote, hata Nzovwe ya 12:25, ni giza, na pengine ukungu juu yake. Kwa hiyo tangazo la kituo kilichohamishwa haliwezi kutegemea alama inayoonekana mchana tu. Rasimu yangu ya kwanza ya Kabwe ilisema "mbele ya ukuta wa bluu." Saa 12:05 asubuhi ya Juni hakuna bluu. Nikaibadilisha: *ng'ambo ya kituo cha zamani, kwenye taa ya kwanza ukitokea Mama John.* Kisha nikaenda mwenyewe alfajiri moja kuhakikisha taa hiyo inawaka, kwa sababu palipo na ujenzi taa nazo huwa na siku zake.

Tuje kwenye karatasi ya tatu, ujumbe wa kituo kwa kituo. Hii ndiyo niliyoidharau mwanzoni nikaishia kuiheshimu. Faida yake ni kwamba mtu hasomi chochote kisichomhusu. Huu ndio wa Kabwe:

*KABWE: Kuanzia Jumatatu 8/6 gari linaondoka saa 12:05 asubuhi (zamani 12:15). Panda ng'ambo ya kituo cha zamani. Gari la mwisho usiku ni saa 5:30.*

Una herufi na nafasi 146. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba 160, kwa hiyo unaingia wote mara moja, na unafika hata kwenye kitochi. Lakini tazama hilo neno ng'ambo. Ukiuandika ujumbe kwenye kompyuta, programu nyingi za uandishi hugeuza kile kialama cha ng' kiwe cha kupinda. Kialama cha kupinda hakimo kwenye herufi za kawaida za ujumbe wa simu, na kikiwemo kimoja tu, ujumbe mzima unahesabiwa kwa mfumo mwingine wenye nafasi 70. Ujumbe wetu wa herufi 146 unakatwa vipande vitatu, unalipia vitatu, na kwenye simu nyingine za zamani vipande vinafika vimepishana. Jaribu kwa kujitumia mwenyewe kwanza. Ukiona umekatwa, futa kialama uandike kile kilichonyooka.

Udhaifu wa njia hii ni orodha yenyewe. Unatakiwa kujua nani anapandia wapi, na orodha ya ofisini karibu kila mara imepitwa. Yetu ilisema Mama John wana watu watatu. Dereva, ambaye anawajua kwa sura, alisema ni watano: wawili walihama kutoka Sae wakati wa mvua na hawakumwambia mtu. Kama ningetuma kwa orodha ya ofisi, hao wawili wangepata ujumbe wa Sae, unaowaambia habari sahihi za kituo wasichokitumia tena. Kwa hiyo kabla ya kutuma, dereva alipita siku mbili na karatasi, kila anayepanda anatia alama kituo chake. Ndipo tulipopata hesabu ya kweli: Uyole 7, Nane Nane 4, Sae 3, Mama John 5, Kabwe 4, Mafiati 3.

Picha ya ratiba kwenye kundi la WhatsApp nimeiacha mwisho kwa sababu watu huiona kama njia ya nne, nami naiona kama mtindo tu wa kusambaza ya kwanza au ya pili. Inasafiri haraka, ndiyo. Tatizo lake ni kwamba haizeeki. Miezi mitatu baadaye mfanyakazi mpya anauliza ratiba, mwenzake anamrushia picha aliyonayo, nayo ni ya zamani, na haina chochote usoni cha kuonyesha kuwa ni ya zamani. Kama utaisambaza kwa picha, tarehe ya kuanza iwe ndani ya picha, juu kabisa, kwa herufi zinazosomeka bila kuikuza. Tarehe kwenye maneno yanayoambatana haisaidii. Picha ikirushwa tena maneno yanabaki nyuma.

Basi nikilazimishwa kuchagua moja, ningechaguaje?

Kama mabadiliko yako ni saa tu, vituo vyote vimebaki palepale, na gari la mwisho halijaguswa, ratiba kamili inatosha. Usijisumbue na mengine. Watu wataona kituo chao, wataona saa mpya karibu na jina wanalolijua.

Kukiwa na kituo kilichofutwa au kilichohamishwa, chukua ya zamani na sasa, na ujumbe wa kituo kwa kituo uuongeze kwa wale tu wa vituo hivyo. Kwetu ilikuwa watu tisa, wa Mama John na Kabwe. Kuwatumia wote 26 kungekuwa rahisi zaidi, lakini mtu wa Uyole akipata ujumbe unaosema Kabwe, ujumbe wa pili hataufungua. Kwa Nzovwe hatukutuma kitu, kwani hapakuwa na mtu kwenye orodha. Wenye kuhusika walikuwa wale wa huko waliokuwa wanakuja kwa haisi, nao waliipata ubaoni.

Gari la mwisho likiguswa, kwa namna yoyote, lina karatasi yake peke yake. Sina masharti hapo.

Na kabla ya siku yenyewe, usikubali ukimya uwe jibu. Alhamisi ya Juni 4 nilimpa mlinzi wa getini swali moja la kuwauliza watu kumi wakitoka: "Jumatatu gari linakupitia wapi, saa ngapi?" Hakutakiwa kuuliza kama wameliona tangazo, maana wote wangesema wameliona. Saba walijibu sawasawa. Wawili walisema saa ya zamani. Mmoja, wa Kabwe, alikuwa na saa sahihi na upande wa barabara usio sahihi. Hao watatu niliwapigia mimi mwenyewe, na yule wa Kabwe alinifundisha kwamba wenzake pia huenda wamekosea, nikawapigia wote wanne.

Jumatatu ya Juni 8 tulimweka kijana mmoja na bodaboda Mama John kuanzia saa 11:50 alfajiri, kazi yake ni kumchukua yeyote aliyesimama pale na kumwahisha Kabwe. Siku ya kwanza alimbeba mtu mmoja, Jumanne mmoja, ambaye alikuwa ametoka likizo. Jumatano hakukuwa na mtu, tukamwondoa Alhamisi. Dereva naye aliandika waliopanda kila kituo, ukilinganisha na ile hesabu yetu unaona papo hapo panapopungua. Siku ya kwanza Kabwe walitakiwa wawe tisa, wanne wake na watano wa Mama John. Walipanda wanane, na yule wa bodaboda akiwemo. Wa tisa alikuwa mgonjwa, tulimpigia.

Karatasi ya zamani na sasa tuliitoa ubaoni Juni 22. Ikikaa zaidi ya hapo inaanza kudhuru, kwa sababu mgeni anasoma safu isiyo yake, anachukua saa ya zamani. Mahali pake tukabandika ile ratiba kamili yenye nembo, na ile ya gari la mwisho tukaihamishia mlangoni, pale watu wanaposaini kutoka, usawa wa macho.